Fomula Zenu Mnazitupa Wapi?

Leo nina ugomvi na waandishi wa programu wenzangu. Ninyi mnaotengeneza ukurasa wa kupakia faili, mkaandika pale juu "CSV pekee", kisha mkaita kazi hiyo uwazi. Uwazi gani? Mtu anawapa jedwali lenye akili ndani yake, ninyi mnamrudishia namba zilizokauka.

Nieleze kwanza kinachotokea. Faili ya .xlsx kwa kweli ni zip. Badilisha jina lake liishie na .zip, ifungue, na ndani utakuta mafaili ya XML. Seli moja yenye hesabu imeandikwa hivi:

```xml
<c r="E2"><f>B2*(Bei!$B$1-Bei!$B$2)</f><v>14682.8</v></c>
```

Ona, vitu viwili vimekaa pamoja. Kwenye `<f>` kuna fomula, yaani njia ya kufikia jibu. Kwenye `<v>` kuna jibu lenyewe, lililohifadhiwa mara ya mwisho Excel ilipopiga hesabu. CSV haina mahali pa kuweka viwili. Ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa hiyo Excel inatupa `<f>` na kubakiza jibu. Tena si jibu kamili, ni lile linaloonekana kwenye skrini. Kama seli imepangwa isionyeshe desimali, desimali zimekwenda. Halafu inahifadhi ukurasa mmoja tu, ule uliokuwa wazi mbele yako. Kurasa nyingine za kitabu hicho hazimo, na maoni yaliyobandikwa kwenye seli pia hayamo.

Sasa twende kwenye maziwa. Hapa Free Area nililetewa CSV ya malipo ya kikundi kimoja cha wafugaji (sikitaji, na namba nimezigeuza kidogo). Mweka hazina alikuwa ameipakia kwenye tovuti ya kikundi ili kila mwanachama ajionee. Nia njema kabisa. Baada ya siku chache wakaanza kumwita mwizi.

Kwa nini? Mwanachama mmoja alichukua kikokotoo cha simu. Mstari wa 2 unasema lita 312, malipo 14,683. Akagawanya, akapata shilingi 47.06 kwa lita. Akashuka mstari wa 3, lita 206, malipo 9,663. Akagawanya, 46.91. Haya, mbona huyu analipwa zaidi ya yule kwa maziwa yale yale? Nani ni shemeji wa nani?

Hakuna shemeji. Lita za mstari wa 2 zilikuwa 312.4 na za mstari wa 3 zilikuwa 205.6. Bei ilikuwa shilingi 50, makato ya usafiri shilingi 3, kila mtu analipwa 47 kamili. Zidisha uone: 14,682.80 na 9,663.20. Lakini desimali zilifichwa kwenye skrini, kwa hiyo CSV ikazikata. Bei na makato vilikuwa kwenye ukurasa wa pili uitwao Bei, ambao haukupakiwa kabisa. Mwanachama hakuwa na njia ya kuiona ile 47. Alichofanya ni hesabu sahihi juu ya namba zilizokatwa.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mstari wa 41. Lita 188, malipo 8,200. Hiyo ni shilingi 43.6 kwa lita, pengo ambalo desimali haziwezi kulieleza. Kwenye CSV ningeweza kuutazama mpaka kesho bila kujua ni wizi, deni au kosa la kuandika. Nikaomba faili ya asili. Mistari mingine yote ina fomula, ule wa 41 una namba iliyochapwa kwa mkono. Pembeni kuna maoni: "kata 269, dawa ya ng'ombe". Kumbe jedwali lilianza na bei ya 48. Lita 188.2 mara 45 ni 8,469. Toa 269, unabaki na 8,200, naye akaichapa juu ya fomula. Baadaye bei ikasahihishwa kuwa 50 kwenye ukurasa wa Bei. Mistari yote ikapanda yenyewe isipokuwa ule. Mfugaji huyo alipaswa kulipwa 8,576.40. Alipoteza shilingi 376.40, na yeye wala hakuwa miongoni mwa waliolalamika!

Jambo hili si la wafugaji peke yao. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala juu ya madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa na waandishi hao jedwali lao la kazi. Wastani ulikuwa umeishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zikaachwa nje. Wakosoaji walikuwa na hoja nyingine nzito kuliko hiyo, lakini hili la mistari lilionekana kwa sababu fomula ilikuwapo kwenye seli. Angepewa namba tupu angebaki kukisia.

Kwa hiyo ukishiriki jedwali, toa .xlsx yenyewe (au .ods) yenye kurasa zake zote. CSV iende pembeni yake kwa wanaotaka kuichambua kwa programu, ikiwa na desimali zote. Na kwenye hiyo CSV ongeza safu moja inayoandika fomula kama maneno:

```
="f: "&FORMULATEXT(E2)
```

Kwenye LibreOffice jina ni `FORMULA` badala ya `FORMULATEXT`. Ile "f: " ya mwanzo usiiache, maana bila hiyo Excel ikifungua CSV itaona alama ya = na kuanza kupiga hesabu upya. Ivute safu hiyo hadi chini. Mstari uliochapwa kwa mkono utajitaja wenyewe kwa `#N/A`. Ule wa 41 ungepatikana kwa dakika moja.

Najua mtasema, je, majina na namba za simu za watu? Hoja ya kweli, Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Lakini usifute safu nzima, fomula zinazoitegemea zitageuka `#REF!`. Badilisha yaliyomo: weka namba ya mwanachama mahali pa jina, kwenye kurasa zote kwa pamoja. Kagua pia kurasa zilizofichwa kabla ya kutuma.

Nanyi wa Python, mnaosema maktaba ndiyo inayotupa fomula, acheni hizo. Mmeandika `data_only=True` kwa mikono yenu, au pandas imewaandikia. Fungueni faili mara mbili:

```python
from openpyxl import load_workbook
f = load_workbook("malipo.xlsx")
v = load_workbook("malipo.xlsx", data_only=True)
print(f["Malipo"]["E2"].value)
print(v["Malipo"]["E2"].value)
```

Wa kwanza utawapa `=B2*(Bei!$B$1-Bei!$B$2)`, wa pili `14682.8`. Ukipata `None` kwenye wa pili, faili iliandikwa na programu na haijawahi kufunguliwa na kuhifadhiwa kwenye Excel au LibreOffice. Hifadhini vyote viwili. Na kama hamtaki kabisa, basi ukurasa wenu umwambie mtu kabla hajabonyeza: seli 62 zina fomula, hazitahifadhiwa.