Kamati Haipimi Shida Zenu, Inapima Hesabu

Vikundi vingi vya Kapsokwony na maeneo jirani huandika maombi ya pesa kwa kueleza shida: karo, ukame, wajane, vijana wasio na kazi. Hayo yote ni kweli, lakini kwa maoni yetu hayasaidii sana. Anayepitia fomu anataka kujua mambo mawili: pesa zitafanya nini, na je, mmewahi kutunza pesa pamoja?

Kwanza jueni mnaomba nini. Ruzuku hairudishwi, mkopo unarudishwa. Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa 2013, watu huiita ruzuku, ila ni mkopo wa kikundi usio na riba, wenye ada ya asilimia 3 inayolipwa mara moja. Ni ya wanawake, na vijana wa miaka 18 hadi 35. Kikundi kiwe kimesajiliwa kwa angalau miezi sita, kiwe na akaunti ya benki, na wanachama wawe wanachanga na kukopeshana wenyewe. Fomu hupitiwa na kamati ya eneo bunge, na kwenu ni Mlima Elgon.

Tuchukue mfano. Akina mama 12 wanataka 100,000 za biashara ya viazi. Wakiandika "kupanua biashara", kamati haina cha kupima. Lakini wakiandika hivi, inaeleweka: gunia tunanunua 2,500, usafiri hadi Bungoma ni 300, tunauza 3,400, faida 600. Magunia 35 yatagharimu 98,000, na tukiyauza yote tunabaki na 21,000. Halafu waongeze bei ikishuka hadi 3,000 itakuwaje: faida ni 200 kwa gunia, yaani 7,000 kwa safari. Bado hawajapata hasara, na kamati imeona wamefikiria siku mbaya.

Sasa ushahidi. Kila mmoja akichanga 200 kwa wiki, kwa wiki 26 kikundi kina 62,400. Kama pesa hizo zilipita mkononi, au kwa simu ya mweka hazina zikachanganyika na za unga, ni vigumu kuthibitisha. Zikipita kwa laini moja ya kikundi, mnachapisha taarifa ya miamala na kulinganisha na daftari. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo huzua maswali, kwa hivyo ilinganisheni kila mwezi, msingoje wiki ya kuomba.

Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo, tunafaidika mkitumia simu. Lakini hata kikundi chenye daftari safi pekee kina nafasi kuliko chenye hadithi tamu bila rekodi.

Na mtu akiwapigia akitaka "ada ya kuharakisha" au namba ya siri, huyo ni tapeli. Kateni simu, muulize ofisini wenyewe.