Mfereji Unaotona: Washa au Fundi?

Dada mmoja anayekaa ghorofa ya pili ametuletea picha mbili kwa simu akiuliza kama amwite fundi. Ya kwanza ni ya mfereji wa jikoni unaotona usiku kucha. Ya pili ni ya kona ya bomba chini ya sinki, yenye maji yaliyokwisha kuteremka hadi sakafuni. Jirani wa chini amelalamika kuwa dari lake limeanza kufanya madoa. Hapo si suala la bili ya maji pekee, ni haki ya jirani pia.

Tuanze na mfereji. Jambo la kutazama katika picha ni mahali tone linapotokea. Likitoka mdomoni hali mfereji umefungwa, basi kwa mifereji ya kuzungusha mara kadhaa, mara nyingi kilichokwisha ni washa, kile kipande cha mpira kilichomo ndani. Maji yakichuruzika chini ya kishikio pale mfereji unapofunguliwa, huenda nati iliyo hapo imelegea, na kuikaza kidogo kwa spana kwaweza kutosha. Lakini ukionekana ufa mwilini mwa mfereji, hakuna cha kutengeneza, mfereji hubadilishwa.

Wa dada yetu ulikuwa ukitona mdomoni. Tulimwomba akinge kikombe cha robo lita, nacho kikajaa kwa saa moja. Hizo ni lita 6 kwa siku. Kwa siku 4 zimepotea lita 24, zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20, nasi twajua mtungi huo una thamani gani siku za mgao.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Funga valvu ya maji yanayoingia jikoni, kisha ufungue mfereji mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ndogo hupenda kutumbukia humo. Toa kishikio, fungua nati kubwa kwa spana, uvute kijiti cha ndani. Washa iko nchani mwake. Ichukue ile kuukuu uende nayo dukani, upewe ya kipimo kile kile. Kabla ya kurudisha, pitisha ncha ya kidole pale washa inapokalia. Pakiwa laini, kazi imekwisha. Pakiwa na michubuko, washa mpya italiwa upesi, na hapo ndipo fundi anapohitajika kupasawazisha au kubadili mfereji. Maji yetu ya visima yenye chumvi hayahurumii chuma. Mifereji ya kugeuza robo duara haina washa hii. Hiyo hubadilishwa kiini chake chote.

Na valvu ikikataa kufunga maji, usifungue chochote. Mwite fundi kwanza.

Picha ya pili ndiyo iliyotutatiza. Ilionyesha tone likining'inia chini ya kona, lakini maji huteremka na bomba, na tone la chini kabisa huwa mbali na penye kosa. Tukamwambia akaushe bomba lote kwa kitambaa, azungushie karatasi laini ya chooni katika kila kiungo, angoje dakika 10, ndipo apige picha mbili: moja ya mbali ionyeshe njia ya bomba, na moja ya karibu. (Tahadhari ndogo: hakikisha pichani hakuna mtu wala faragha ya nyumba, kwani picha hiyo itapita mikononi mwa wengine.)

Karatasi ya kona ilibaki kavu. Iliyolowa ni ya juu yake, pale mabomba mawili ya plastiki ya kijani yalipounganishwa kwa moto. Ingekuwa ni nati ya bomba laini linalopanda mferejini, tungemwambia aikaze robo mzunguko tu, na ikiendelea kuvuja abadili mpira wake. Ila kiungo cha moto hakina cha kukazwa, na gundi au tepu juu yake haidumu kwa sababu maji yana msukumo. Hukatwa, kikaunganishwa kipya kwa mashine ya joto, bomba likiwa kavu. Hiyo ni kazi ya fundi, na kwa kuwa dari la jirani limelowa, isingoje wiki ijayo.

Picha ile ya karatasi iliyolowa ndiyo ya kumpelekea fundi. Akiiona atakuja na mashine na kipande cha kipimo sawa, amalize kwa safari moja, jambo lenye nafuu kwa dada anayelazimika kumsubiri mumewe au kaka yake awepo kabla ya kumkaribisha. Baada ya kazi, acha valvu wazi, zungushia karatasi mpya, na uitazame alfajiri kabla ya kumlipa baki yake.