Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza: mwalikwa ndiye aseme kiandikwe nini

Mashirika ya Ulaya hupenda kuwaalika watu wa Ituri na wa Kivu zote mbili waende kueleza hali ya vita katika mikutano yao. Mwaliko unafika kwa imeli na maneno matamu: tunafurahi kukualika, uzoefu wako utatufaa sana, karibu Brussels. Familia inashangilia. Kisha karatasi hiyohiyo inapelekwa Kinshasa kuombea viza, viza inakataliwa, na watu wanaanza kusema Wazungu hawataki Wakongomani kwao. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kusema hivyo, ile barua isomwe upya. Ina tarehe za safari? Inasema nani analipa hoteli? Namba ya pasipoti imo? Kama hakuna hata kimoja, basi ile ni salamu tu, haijawa barua ya viza.

Kosa hapa si la mwandalizi peke yake. Yeye anajua kuandaa mkutano, hajui afisa wa viza anatafuta nini. Pengine hajawahi kuomba viza maisha yake yote. Na sisi huku tumelelewa kwamba mgeni hamwambii mwenye nyumba apike nini, kwa hiyo mwalikwa anaogopa kuuliza, anapokea alichopewa na kunyamaza. Katika jambo hili adabu ya namna hiyo inaumiza. Mwandalizi makini hatachukia kuandikiwa orodha ya mambo yanayotakiwa. Atashukuru, kwa sababu kazi yake imekuwa rahisi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja aliyekimbia Djugu, ambaye sasa anaishi Bunia katika familia iliyompokea. Yeye ni katibu wa muungano wa akina mama wakimbizi wa ndani. Amealikwa Brussels kwenye mkutano wa siku tatu, tarehe 14 hadi 16 Oktoba. Maombi ya viza ya Ubelgiji hupitia Kinshasa, katika Kituo cha Ulaya cha Viza, na kama hajawahi kutoa alama za vidole lazima aende mwenyewe. Maana yake ni tiketi ya ndege kutoka Bunia na malazi Kinshasa, pamoja na ada ya viza, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Ada hiyo hairudishwi viza ikikataliwa. Kwa hiyo sentensi moja iliyokosekana kwenye barua inaweza kula pesa ambazo muungano mzima umechangia.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni jina. Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu, na watu wa Ulaya hawajui lipi liende wapi. Wengine huacha postinomu kabisa wakidhani ni ziada. Mama huyu afungue pasipoti kwenye ukurasa wa picha, aangalie ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi. Kama imeandikwa kwa mtindo wa `JINA<POSTINOMU<<PRENOMU`, kila kilicho kabla ya alama mbili `<<` kinasomwa na mashine kama jina la ukoo, na kinachofuata ndicho jina la kupewa. Amwandikie mwandalizi majina yote kwa mpangilio huo, bila kubadili hata herufi moja, hata kama nyumbani anaitwa vingine au kadi ya mpiga kura ina herufi tofauti. Kwenye viza pasipoti ndiyo inayosema. Na ikiwa pasipoti yenyewe ina kosa, dawa ni kuirekebisha kwanza, barua haitaiponya.

Pili ni anwani, na hapa wakimbizi wa ndani hupata shida kuliko wengine. Mama huyu amezaliwa Djugu na nyumba yake ilichomwa huko, lakini haishi huko tena. Barua iseme anaishi Bunia, itaje avenyu, kartie na komine ya pale alipopokelewa, na atestasyo ya makazi kutoka kwa wakuu wa kartie au komine iseme vivyo hivyo. Fomu ya viza nayo iandikwe vilevile. Barua ikisema Djugu, fomu ikisema Bunia na atestasyo ikitaja kartie nyingine, afisa ana haki ya kuuliza mtu huyu anaishi wapi hasa. Wapo wanaoshauri neno mkimbizi lifichwe ili ubalozi usiogope kwamba hatarudi. Ushauri huo ni mbaya. Mkutano wenyewe unahusu wakimbizi, na ukificha jambo linaloonekana, hata ya kweli uliyoyasema yatatiliwa shaka. La maana ni barua itaje kazi yake: katibu wa muungano, tangu mwaka fulani, na amealikwa kuzungumza juu ya jambo fulani siku fulani. Hapo anaonekana kama mtu mwenye wadhifa anaoacha nyuma na atakaourudia.

Tatu ni tarehe. Waandalizi wengi huandika siku za mkutano tu, yaani 14 hadi 16. Lakini mtu hawezi kutua Brussels asubuhi ya mkutano ametoka Bunia. Tuseme atafika tarehe 13 na kuondoka tarehe 17. Barua iandike siku hizo zote mbili, pamoja na zile za mkutano, ili zilingane na tiketi, hoteli na bima ya safari. Bima hiyo ni lazima iwe ya angalau yuro 30,000 na ifunike siku zote za kukaa. Tiketi ikionyesha kurudi tarehe 24 na barua inanyamaza baada ya tarehe 16, zile siku nane za katikati zinakuwa swali lisilo na jibu, na fomu ya kukataliwa ina kisanduku chake cha sababu hiyo: lengo na masharti ya kukaa hayakuthibitishwa.

Nne ni pesa, na ndiyo penye ubishi mwingi. Sentensi kama «tutagharamia ushiriki wake» haisemi kitu. Ushiriki ni ada ya kuingia ukumbini? Ni hoteli? Ni ndege? Mwandalizi ataje kimoja kimoja: tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli kwa jina na anwani yake, chakula, bima, pesa ya matumizi ya kila siku. Asichokilipa akiseme pia, na aseme nani atakilipa. Mama wa mfano wetu hana konti ya benki yenye kitu. Kama barua haielezi wazi kwamba mwandalizi ndiye anayebeba mzigo, atadaiwa karatasi za benki ambazo hana. Lakini asimwombe mwandalizi aandike asichokusudia kulipa. Ubalozi unaweza kumpigia simu mwandalizi huyo, na uongo mdogo utaiangusha dosye yote.

Basi barua ya kuomba inaweza kuwa fupi, kwa Kifaransa au Kiingereza, na maana yake ikawa hivi:

> Bwana, Bibi,
> Asante kwa mwaliko wenu. Ili niombe viza Kinshasa, naomba barua yenye nembo ya shirika lenu, tarehe, sahihi, jina na cheo cha aliyeisaini, muhuri kama mnao, na simu ya mtu ambaye ubalozi unaweza kumpata. Naomba iandikwe kwa Kituo cha Ulaya cha Viza, Kinshasa, na itaje haya: majina yangu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali nilipozaliwa, uraia, namba ya pasipoti, siku ilipotolewa na siku itakapokwisha, anwani yangu ya Bunia, kazi yangu katika muungano. Itaje pia jina la mkutano, ukumbi na anwani yake, tarehe 14 hadi 16 Oktoba, mada nitakayozungumza, na kwamba nitafika tarehe 13 na kuondoka tarehe 17. Mwisho, itaje gharama mnazolipa, moja moja, na hoteli nitakayolala. Naambatisha nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Naomba niipate kabla ya tarehe 31 Julai, pamoja na programu ya mkutano.

Kwa nini tarehe 31 Julai? Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45 kama dosye inahitaji uchunguzi. Ukihesabu siku 45 kurudi nyuma kutoka tarehe 13 Oktoba unafika mwisho wa Agosti. Mwezi wa Agosti wenyewe unaliwa na kutafuta randevu, tiketi ya Kinshasa, bima na kusahihisha barua. Anayeomba barua Septemba amekwisha kuchelewa, hata kama mkutano unaonekana uko mbali.

Mwandalizi akijibu kwamba hatoi barua kabla mtu hajajiandikisha, asionekane adui. Majina ya mikutano hutumiwa na walaghai, naye anajikinga. Upande wa pili nao una hatari yake: mialiko ya uongo huzunguka kwenye simu za watu, ikiwa na nembo kubwa za kimataifa, na mwisho wake ni ombi la kutuma dolari kwa simu kwa ajili ya «kushughulikia viza». Mwandalizi hatoi viza, kwa hiyo hana cha kushughulikia. Kabla ya kutuma nakala ya pasipoti kwa mtu yeyote, tafuta namba ya shirika hilo kwenye tovuti yake yenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua, upige na kuuliza kama aliyesaini anafanya kazi pale.

Na waandalizi nao waambiwe. Ukimwalika mtu wa Bunia aje kuzungumza kwa niaba ya waliokimbia, usimpe karatasi ya mistari minne halafu ukasikitika kwamba kiti chake kilibaki wazi. Dakika 30 za kuandika barua kamili ni sehemu ya gharama za mkutano, kama vile ukumbi na kahawa.

Barua ikishafika, mama wa mfano wetu akae na mtu anayesoma vizuri, pasipoti mkononi, walinganishe herufi kwa herufi na namba kwa namba. Akiona hata tarakimu moja imeruka, airudishe siku hiyohiyo isahihishwe, asiirekebishe kwa kalamu.