Kwenda pamoja si kusababisha: chati za Busia zinatufunza nini

Vijana wetu wa Moi's Bridge, hebu tuanze na kitu mnachokiona kila mwaka. Ikifika mwezi wa kumi na moja, malori yanapanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, na wakati huo huo bei ya gunia la mahindi inashuka. Foleni ikiwa ndefu, bei iko chini. Foleni ikiisha, miezi ikapita, bei inapanda. Sasa kuna mtu atakwambia foleni ndiyo inashusha bei? Wewe mkulima unajua ni mavuno. Mavuno yameleta foleni na mavuno hayo hayo yameshusha bei. Foleni na bei vinakwenda pamoja, lakini hakuna kilichomzaa mwenzake.

Kwa mahindi hatudanganyiki, kwa sababu mavuno tunayaona kwa macho. Tatizo ni pale kile kitu cha tatu kimejificha.

Kuna makala moja ambayo kila mwenye kubishana kuhusu elimu Kenya angefaa kuisoma. Ilitoka mwaka 2004, na mmoja wa waandishi wake ni Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel. Wenyewe ni wanauchumi, ila swali lao ni la sosholojia kabisa: kwa nini watoto wa shule fulani hufaulu kuliko wa shule nyingine? Walichunguza shule za msingi za Busia na Teso, na kitu walichokiangalia ni kidogo tu: zile chati kubwa za kufundishia ambazo mwalimu anazifunua karatasi moja moja mbele ya darasa.

Kwanza walifanya vile wengi hufanya. Walichukua shule zilizokuwa na chati tayari, wakalinganisha na zisizokuwa nazo. Zenye chati zilikuwa juu. Tofauti yenyewe ilikuwa ya kutosha kumtoa mwanafunzi wa katikati, yule wa 50 kati ya 100, hadi karibu nafasi ya 42. Wakajihadhari, wakahesabu pia vifaa vingine vya shule wanavyoweza kuvipima. Tofauti haikupungua. Hapo wengi wetu tungefunga daftari na kuanza harambee ya chati.

Wao hawakufunga. Walichukua shule 178, nusu yao, yaani 89, zikapewa chati bila mtu kuangalia ni shule gani ina bidii au ina mwalimu mkuu gani. Ni kama kura. Kisha wakasubiri mitihani. Shule zilizopewa chati hazikuonyesha dalili yoyote ya kuzipita zile zisizopewa.

Kwani ule ushindi wa mwanzo ulienda wapi? Tufikirie tu: shule hupataje chati bila kura? Pengine mwalimu mkuu ni mtu wa kufuatilia, anaandika barua, hatulii hadi apate. Pengine wazazi wanajichanga. Mwalimu mkuu wa namna hiyo pia hakubali darasa likae bila mwalimu. Yeye ndiye mavuno, chati ni foleni. Na huwezi kumpima kwa kuhesabu madawati, ndiyo maana zile hesabu za tahadhari hazikumnasa.

Tusizidishe lakini. Makala haisemi chati ni takataka. Inahusu chati zile, shule zile, miaka ile.

Kwa nini nawaletea haya? Kwa sababu kuna maneno mnayasikia kila matokeo ya mitihani yakitangazwa: kaskazini mashariki kuna Waislamu wengi, alama ziko chini, kwa hiyo ni dini, ni madrasa zinakula muda wa watoto. Usijibu kwa hasira. Uliza mavuno yako wapi. Januari 2020 Tume ya Huduma za Walimu iliwaondoa walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu ya mashambulizi. Ongeza ukame na familia za kuhamahama. Mtoto ambaye hana mwalimu wa hesabu angefeli hesabu hata angekuwa wa dini gani.

Na akiendelea kubisha, mwambie afanye ulinganisho ulio karibu na haki: achukue watoto wa darasa moja, mwalimu mmoja, mtaa mmoja, hapa hapa Moi's Bridge au Eldoret, wengine wanaenda madrasa jioni na wengine hawaendi. Hata hapo bado amuulize kila mzazi kwa nini alimpeleka au hakumpeleka, maana mzazi naye hapigi kura. Madrasa ikionekana kuinua alama, swali hilo hilo linatuhusu na sisi pia.