"Mke Wangu" Kabla ya Nikahi: Jina Tamu Lina Wakati Wake



Binti mmoja wa Songea ameposwa na kijana aliyeko Unguja. Barua ya posa imepelekwa nyumbani kwao Mfaranyaki, wazee wamejibu, mahari bado yanazungumzwa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, kisha boti. Wachumba hawa wana simu tu. Wiki ya kwanza kijana alimwita "dada", akitanguliza jina lake. Wiki ya pili ikawa "laazizi". Ya tatu, "mke wangu". Binti anauliza: afurahi au aogope?

Sisi tunasema asiogope, ila asiitikie.

Katika lugha yetu, neno la kumwita mtu linasema nani ni nani kwako. Ndiyo maana hatumwiti mkwe kwa jina lake, wala mama hatumwiti kama shoga. "Mke wangu" si sukari ya kukoleza maneno, ni daraja. Daraja hilo hutolewa na nikahi: walii, mashahidi, ijabu na kabuli. Posa ni ahadi, na ahadi haihalalishi alichokuwa haramu jana. Aliyeposwa bado ni ajinabia kwa mposaji wake. Akishaitikia "abee mume wangu", ulimi umevuka mahali ambapo mwili haujaruhusiwa, na kinachofuata huwa rahisi kuombwa. "Mke gani anamnyima mumewe picha?" Hapo ndipo utakapojua jina lile lilikuwa linatafuta nini.

Umbali nao unazidisha mambo. Kijana angekuwa mtaa wa pili, shangazi angemwona anavyosalimia watu, kaka angekutana naye msikitini. Kwa simu, sauti peke yake inabeba kila kitu, na jina tamu linafanya kazi ambayo ingefanywa na miezi ya kujuana. Binti anahisi anajulikana, kumbe anaitwa tu. "Laazizi", "habibti" na "bebi" anaweza kuitwa yeyote. Hayahitaji hata kukumbuka jina lako.

Linganisheni na mapenzi ya nyumba ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alimwita Bi Aisha kwa kulifupisha jina lake, "Aish", alipomfikishia salamu za Jibrili. Jina lilikuwa lake mwenyewe, limelainishwa na mume anayemjua. Na alimjua kweli: alimwambia kwamba hutambua anaporidhika naye na anapokasirika, kwani akiridhika huapa kwa Mola wa Muhammad, na akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bi Aisha akakiri, akasema anachokiacha ni jina lake tu. Huo ndio utamu wa majina: mume anasikia hata jina linapokosekana. Hilo halipatikani wiki ya tatu.

Basi binti wa Songea afanye nini? Asigombe wala asinune. Amwambie kwa upole lakini bila kulegeza sauti: "Kaka, naomba uniite jina langu mpaka siku ya nikahi. Siku hiyo utaniita upendavyo." Kisha asikilize. Kijana mwenye nia atacheka kidogo, pengine ataona haya, na kuanzia kesho atamwita jina lake. Akisahau mara moja, ni ulimi. Lakini akinuna, akisema "wenzako mbona wanaitikia", au akiendelea makusudi, binti amepata habari muhimu kabla mahari hayajapokelewa: huyu akiombwa jambo dogo hasikii. Amweleze mama au shangazi mapema, asingoje.

Wapo watakaosema tunakausha mapenzi. Hapana. Jina lake likitamkwa vizuri, kwa kituo na heshima, lina joto la kutosha kwa mchumba. Na uchumba ukivunjika, maana huvunjika, hana ujumbe wa "mume wangu" wa kuzunguka katika simu za watu.

Baada ya nikahi, mlango uko wazi: nyonda, muhibu, mahabuba, chagueni wenyewe. Hata hapo kuna mpaka. Jina linalotania unene, rangi au ukoo wake halifai kwa sababu tu limesemwa kwa kicheko. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina mabaya, na ndoa haikutolewa humo. Likikuchoma, sema siku ile ile, kabla mawifi hawajalizoea.

Mwali wa Songea, jina lako ulipewa na wazazi wako. Mwache alitumie hilo kwanza. Allah akukamilishie kheri. Amin.