Aguero alikuwa wa pili au wa nne?

Ubishi wa vijiweni kuhusu wafungaji huwa mkali, kumbe mara nyingine kila mtu ana hesabu yake. Chukua Ligi Kuu England 2018/19. Salah, Mane na Aubameyang walimaliza na mabao 22 kila mmoja, wakagawana Kiatu cha Dhahabu. Aguero akafunga 21. Alishika nafasi ya ngapi?

Anayehesabu watu atasema wa nne, kwa sababu watatu wako mbele yake. Anayehesabu mabao tu, 22 halafu 21, atasema wa pili. Kwa hesabu hiyo Vardy, mwenye 18, anakuwa wa tatu wakati wachezaji wanne wamemzidi! Hapo mimi sikubali, jamani.

Ipo njia nyingine: jumlisha nafasi ya 1, 2 na 3, upate 6, gawa kwa 3. Kila mmoja wa wale watatu anakuwa na 2, na Aguero anabaki wa nne. Inafaa ukitaka kujumlisha nafasi za misimu kadhaa, maana sare haibadilishi jumla. Lakini nenda kamwambie shabiki wa Liverpool kwamba Salah, kiatu mkononi, ni wa pili! Kwenye jedwali la gazeti, mimi naandika 1, 1, 1, 4.