Shilingi Nzito, Mkulima Mwepesi

Shilingi inapopata nguvu mbele ya dola, wengi wetu hushangilia kana kwamba timu ya taifa imefunga bao. Furaha hiyo ina sababu yake. Lakini thamani ya fedha ni kama mzani: upande mmoja ukishuka, wa pili hupanda. Yafaa basi tuulize ni nani aliyeketi upande gani, na hesabu ya kila mmoja ikoje.

Tuchukue mfano wa Kenya. Katika mwaka 2023 shilingi iliporomoka kutoka karibu 123 kwa dola hadi zaidi ya 156, na mwezi Januari 2024 ikafika 160. Hofu kubwa ilikuwa juu ya mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa ng'ambo mwaka 2014, ambao ulipaswa kulipwa mwezi Juni 2024. Mwezi Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ili kuanza kuulipa ule wa zamani. Mwezi huo huo iliuza hati za dhamana zenye riba ya zaidi ya asilimia 18, nazo zikawavutia wageni wakaja na dola zao. Hofu ilitoweka, na waliokuwa wameficha dola wakazitoa. Kufikia mwisho wa Machi dola moja ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130, na tangu hapo imekaa karibu na 129 kwa muda mrefu.

Mwagizaji wa bidhaa alinufaika, na mwananchi wa kawaida pamoja naye. Petroli, ambayo mjini Nairobi ilikuwa imepita shilingi 210 kwa lita mwezi Oktoba 2023, ilikuwa chini ya 195 ifikapo Aprili 2024. Ngano, dawa na vipuri vya magari hununuliwa kwa dola. Deni la nje nalo lilipungua kwa hesabu ya shilingi, bila hata senti moja kulipwa. Faida hizi ni za kweli, wala hatuzidharau. Ila ikumbukwe kwamba bei za madukani hupanda upesi na kushuka kwa kusitasita. Mfanyabiashara aliyenunua shehena dola ilipokuwa 160 hataiuza kwa hasara kwa sababu tu dola imeshuka.

Sasa tutazame upande wa pili, tukimchukua mkulima mdogo wa majani chai. Chai yake huuzwa katika mnada wa Mombasa, na bei hutajwa kwa dola. Yeye mwenyewe hulipwa kwa shilingi, tena kwa mafungu mawili: malipo madogo ya kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi, na malipo ya pili baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Haya ya pili ndiyo bonasi, nayo ndiyo hulipa karo na kujenga nyumba.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kilo moja ya chai iliyosindikwa imeuzwa kwa dola 2.50. Dola ikiwa shilingi 160, kiwanda hupata shilingi 400. Dola ikiwa 130, chai ile ile, kwa mnunuzi yule yule, hukipatia kiwanda shilingi 325. Mapato yamepungua kwa karibu asilimia 19.

Lakini kiwanda kina gharama zake: mishahara, kuni za tanuri, umeme, malori ya kukusanya majani. Sehemu kubwa ya gharama hizi hulipwa kwa shilingi, nazo hazishuki eti kwa kuwa dola imeshuka. Tuziweke kwenye shilingi 110 kwa kilo. Hapo awali zilibaki 290. Sasa zinabaki 215. Kwa kuwa kilo moja ya chai iliyosindikwa hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, mkulima aliyestahili shilingi 64 kwa kila kilo ya majani sasa anastahili 48. Tukitoa shilingi 24 alizokwisha kulipwa mwezi kwa mwezi, bonasi iliyokuwa 40 inakuwa 24.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Dola imeshuka kwa chini ya thuluthi moja ya tano mbili za kutisha ambazo bonasi imepoteza? La, tuseme kwa uwazi: dola imeshuka kwa kiasi cha moja ya tano, lakini bonasi imeshuka kwa mbili ya tano. Gharama hukatwa kwanza, malipo ya kila mwezi hufuata, na mkulima hubakiwa na kilicho chini ya chungu. Kwa hiyo pigo lote humwangukia yeye.

Wako watakaosema kwamba mkulima naye hununua mbolea inayotoka ng'ambo, na kwamba shilingi ikiwa na nguvu hurudishiwa kwa njia hiyo. Na tupime. Mkulima mwenye kilo 2,000 za majani kwa mwaka amepoteza zaidi ya shilingi 30,000 katika mfano wetu. Tuseme hutumia mifuko mitatu ya mbolea, na kila mfuko umeshuka kutoka shilingi 4,000 hadi 3,250, yaani sawasawa na dola ilivyoshuka. Ameokoa shilingi 2,250.

Mwaka 2025 jambo hili lilitoka kwenye karatasi likaingia mashambani. Bonasi zilipotangazwa, wakulima wa viwanda vingi, hasa magharibi ya Bonde la Ufa, walikuta zimepungua mno, na malalamiko yakasikika kila upande. KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo, lilitaja kiwango cha dola kuwa miongoni mwa sababu. Haikuwa sababu pekee: bei ya mnadani nayo ilikuwa imeshuka, na ubora wa chai hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Kwa hiyo mkulima ana haki ya kuonyeshwa mambo hayo mbalimbali: bei ya dola, kiwango cha ubadilishaji, na gharama za kiwanda. Bila hivyo, uzembe wa msimamizi waweza kujificha nyuma ya shilingi.

Si mkulima wa chai peke yake. Mchele wa dola 500 kwa tani hugharimu shilingi 80,000 dola ikiwa 160, na 65,000 dola ikiwa 130, kabla ya ushuru. Mlaji wa mjini hufurahi. Mkulima wa mpunga wa Mwea, asiyeuza hata punje moja ng'ambo, hukuta mshindani wake amepunguza bei.

Hatusemi shilingi iachwe ianguke. Mwaka 2023 ulitufundisha uchungu wake. Tunalosema ni kwamba nguvu ya ghafla, iliyoletwa na fedha za mkopo na za wenye kutafuta riba, si sawa na nguvu inayotokana na kuuza zaidi. Dola zinapofurika, ni jambo la busara Benki Kuu kuzinunua na kuziweka akiba, kama ilivyofanya hadi akiba hiyo ikapita dola bilioni 10 mwaka 2025. Hilo huikinga nchi, na pia huizuia shilingi isipande kupita kiasi.

Hata kiwango kisichotikisika kina mtego wake. Mishahara na kuni zikipanda kila mwaka huku dola ikibaki 129, mkulima hubanwa polepole pasipo tangazo lolote. Wanaoiongoza fedha yetu wasitazame dola pekee. Watazame pia kinachobaki mkononi mwa mchuma chai baada ya gharama zote kukatwa.